Kura ni ya Mwenye Hisa Nyingi, Masikio ni ya Wote

Mara ya kwanza kuhudhuria mkutano mkuu wa wanahisa, niliketi karibu na mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake ili amsaidie kubeba mwavuli na fulana zilizokuwa zikigawiwa mlangoni. Hisa zake hazikufika mia tatu. Ajenda za mwanzo zilikwenda taratibu, hasa ile ya gawio, maana hapo kila mtu alikuwa na la kusema. Kisha mwenyekiti akafika kwenye ajenda ya wakaguzi, akaisoma kwa kasi ya utingo anayetaja vituo: kuwateua tena wakaguzi wa hesabu, na kuwaruhusu wakurugenzi kupanga ujira wao. Nani anapendekeza? Mkono ukanyanyuka. Nani anaunga mkono? Mwingine. Haikupita nusu dakika.

Mzee akaniinamia. "Mwanangu, hao tuliowachagua ni kina nani?"

Nikamwambia ni wale wanaokagua hesabu.

"Hesabu za nani?"

"Za wale walioketi pale mbele, mzee."

Akacheka kidogo. "Na ujira wao watapangiwa na hao hao wa pale mbele?"

Swali lake nimelibeba tangu siku ile, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona kwamba sheria yote ya wakaguzi imejengwa kulizunguka. Kampuni huendeshwa na wakurugenzi kwa fedha za wengine. Mwisho wa mwaka wakurugenzi hao hao huandika hesabu za jinsi walivyozitumia. Mkaguzi huletwa kutoka nje asome hesabu hizo na awaambie wenye fedha kama zinaaminika. Basi akichaguliwa na wakurugenzi, akalipwa na wakurugenzi na kufukuzwa na wakurugenzi, atakuwa shahidi aliyeletwa na mshitakiwa. Ndiyo maana sheria ikaweka hatua tatu za maisha yake, yaani kuteuliwa, kuondolewa na kujiuzulu, chini ya macho ya wanahisa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwezi Oktoba 1878 Benki ya Jiji la Glasgow, kule Uskoti, ilifunga milango. Wakurugenzi walikuwa wamekopesha fedha nyingi kwa wadeni wachache wasioweza kulipa, kisha wakapamba hesabu ili pengo lisionekane. Zama zile mwanahisa wa benki kama hiyo alidaiwa mpaka nguo za mwilini, kwa kuwa dhima yake haikuwa na kikomo. Kati ya wanahisa 1,819, waliobaki na uwezo wa kulipa madeni yao walikuwa 254 tu. Wengine walifilisika kwa sababu ya karatasi ambazo hakuna mtu wa nje aliyezikagua. Mwaka uliofuata, 1879, Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyotaka benki zitakazosajiliwa kwa dhima yenye kikomo zikaguliwe kila mwaka na mkaguzi anayechaguliwa na wanahisa katika mkutano mkuu, tena asiwe mmoja wa wakurugenzi. Ajenda ile iliyosomwa kwa nusu dakika inatoka huko.

Katika makala haya nitafuata zaidi Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006. Kisa nitakachokisimulia kilitokea chini yake, na Kenya ilipoandika upya sheria yake ya makampuni mwaka 2015 ilifuata nyayo zake kwa karibu sana. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 nayo ni ya ukoo huo huo, ingawa ilikopa kutoka kwa sheria za Kiingereza za zamani kidogo.

Tuanze na kuteua, ambako hakuna mengi. Mkaguzi wa kampuni ya umma huteuliwa katika mkutano ule ambao hesabu za mwaka zinawekwa mezani, na muda wake hukoma mkutano kama huo wa mwaka unaofuata unapomalizika. Hapewi miaka mitano. Kila mwaka anarudi kwenu. Azimio ni la kawaida, maana yake zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Wakurugenzi wanaruhusiwa kumweka mkaguzi wao wenyewe katika nafasi mbili hasa: kampuni inapokuwa changa na haijafanya mkutano wake wa kwanza wa hesabu, na pale nafasi inapoachwa wazi katikati ya mwaka. Hata hapo mtu wao anashikilia tu mpaka mkutano ujao, kisha wanahisa ndio wataamua.

Mbona basi mzee wangu alihisi kwamba hachagui mtu? Kwa sababu jina analoletewa ni moja. Kamati ya ukaguzi ya bodi imekwisha kuzungumza na kampuni za ukaguzi, imekwisha kulinganisha bei, na wanahisa wanaulizwa ndiyo au hapana. Nakiri kwamba kura ya hapana mara chache humzuia mtu. Lakini huonekana. Aprili 2018, katika mkutano wa General Electric ya Marekani, ambako kura ya wanahisa juu ya mkaguzi ni ya ushauri tu na haimfungi yeyote, kiasi cha asilimia 35 ya kura zilikataa KPMG aidhinishwe tena. KPMG na waliomtangulia katika jina hilo walikuwa wameikagua kampuni ile tangu 1909. Kwa kawaida ajenda hiyo hupita kwa asilimia zaidi ya 95, kwa hiyo theluthi nzima kusema hapana ilikuwa kelele kubwa. KPMG aliidhinishwa siku ile. Miaka miwili baadaye kampuni ikatangaza kwamba kuanzia hesabu za 2021 itakaguliwa na Deloitte.

Hatua ya pili, kuondoa, ndiyo inayowapotosha watu. Wengi wetu tukisikia kwamba mkaguzi anaondolewa na wanahisa peke yao, tunadhani tumelindwa. Hebu tuchukue mfano wa kubuni.

Tuseme marehemu mzee mmoja wa Mombasa aliacha kampuni ya mabasi. Mtoto wake mkubwa ana asilimia 55 ya hisa na ndiye mkurugenzi mtendaji. Wadogo zake watatu wana asilimia 15 kila mmoja, na hawaingii ofisini. Mwezi wa Mei mkaguzi, akilinganisha madaftari na taarifa za benki, anakuta fedha za kampuni zimemlipia mkurugenzi kiwanja, na hakuna mahali mkopo huo umeandikwa. Anamwambia ama uandikwe katika hesabu kama deni la mkurugenzi, ama ataandika maoni yenye dosari. Kaka mkubwa anakasirika. Anataka mkaguzi mwingine kabla hesabu hazijatiwa saini.

Hawezi kumpigia simu na kumwambia asije tena kesho. Wala hawezi kuzungusha karatasi wadogo zake watie saini mmoja mmoja, kwa kuwa kumwondoa mkaguzi kabla ya muda wake ni miongoni mwa maazimio machache ambayo hata kampuni binafsi hairuhusiwi kuyapitisha kwa maandishi. Lazima watu wakutane. Na kabla hawajakutana, lazima notisi maalum ya azimio hilo ipewe kampuni siku 28 au zaidi kabla ya mkutano. Akitaka mkutano ufanyike tarehe 30 Juni, basi siku za mwisho za Mei barua iwe imekwisha kufika ofisini. Barua ikishafika, kampuni inatakiwa kupeleka nakala yake kwa mkaguzi bila kuchelewa.

Siku hizo 28 hazikuwekwa ili watu wapoe hasira. Ni za mkaguzi. Anaruhusiwa kuandika maelezo yake, yasiwe marefu kupita kiasi, na kuitaka kampuni iyasambaze kwa wanahisa wote waliopelekewa wito wa mkutano. Yakichelewa, au kampuni "ikasahau" kuyapeleka, anaweza kudai yasomwe kwa sauti mkutanoni, na bado haki yake ya kusimama na kuzungumza haipotei. Njia ya kuyazuia ni kwenda mahakamani na kuonyesha kwamba mkaguzi anatumia nafasi hiyo kueneza maneno ya kumchafulia mtu jina.

Sasa tarehe 30 Juni imefika. Kura zinapigwa. Kaka ana asilimia 55, azimio linahitaji zaidi ya nusu, mkaguzi ameondoka. Hata wadogo watatu wangepiga kelele kutwa nzima, hesabu ni ile ile. Hapa ndipo wengi husema sheria ni bure. Mimi naona wameangalia mahali pasipo penyewe. Wadogo wale walikuja mkutanoni hawajui habari ya kiwanja. Wanaondoka wanaijua, wameisoma kwenye karatasi iliyotiwa saini na mtu wa taaluma. Kura haikuwahi kuwa silaha yao. Kilichowekwa kwa ajili yao ni ule mwezi mmoja ambao kaka mkubwa hawezi kuuruka, na sauti ambayo hawezi kuinyamazisha.

Uingereza imekwenda mbele hatua moja. Sheria yake inasema kwamba kumwondoa mkaguzi kwa sababu mmetofautiana juu ya namna ya kuandika jambo katika hesabu, au juu ya utaratibu wa ukaguzi wenyewe, kutahesabiwa kuwa ni kuwadhulumu wanahisa, na mwanahisa yeyote anaweza kuipeleka kampuni mahakamani kwa hilo. Maana yake ile karatasi ya mkaguzi si habari tu. Ni ushahidi.

Kuna ujanja wa kukwepa yote haya, na ndio unaotumika zaidi: kutomwondoa. Kaka mkubwa anamwalika mkaguzi kwa chai na kumweleza kwa upole kwamba ingekuwa vyema zaidi kwa kila mtu kama angeandika barua ya kujiuzulu mwenyewe. Hakuna notisi ya siku 28, hakuna mkutano, hakuna kusomwa kwa chochote. Au ndivyo anavyodhani.

Ndiyo sababu hatua ya tatu, kujiuzulu, ina kufuli zake. Mkaguzi anaweza kuacha kazi wakati wowote kwa barua anayoifikisha kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni. Lakini barua hiyo haisafiri peke yake. Kwa kampuni ambazo hisa zake zinauzwa sokoni, lazima iambatane na taarifa ya sababu za kuondoka, hata kama sababu ni ndogo. Kwa kampuni nyingine ataandika taarifa pale asipoangukia kwenye visamaha vichache, kwa mfano kwamba anastaafu au kampuni haihitaji tena kukaguliwa, na tena hana jambo ambalo wanahisa au wadai wanapaswa kulijua. Taarifa ikiwa na mambo ya kujulikana, kampuni ina siku 14 za kuipeleka kwa kila mwanahisa, au kukimbilia mahakamani kuomba izuiwe. Mkaguzi naye hungoja siku 21, na kama hajaarifiwa kwamba kuna shauri mahakamani, ndani ya siku 7 zinazofuata huipeleka kwa msajili wa makampuni, ambako mtu yeyote anaweza kuisoma. Na akiona maneno ya kwenye karatasi hayatoshi, ana haki ya kuwataka wakurugenzi waitishe mkutano wa wanahisa ili ajieleze. Wana siku 21 za kutoa wito, na mkutano wenyewe usizidi siku 28 tangu wito huo.

Tuone mambo haya yalivyokwenda mahali ambapo fedha zilikuwa nyingi na wanaotazama walikuwa wengi.

Sports Direct ilikuwa kampuni ya Kiingereza ya maduka ya vifaa vya michezo, na hisa zake zilikuwa katika Soko la Hisa la London. Mwanzilishi wake, Mike Ashley, mwaka 2019 alikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya hisa. Mkaguzi wake kwa miaka mingi alikuwa Grant Thornton. Hesabu za mwaka ule zilitarajiwa katikati ya Julai, zikaahirishwa. Zikaahidiwa asubuhi ya Ijumaa tarehe 26 Julai. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, na zilipotoka soko lilikuwa limefungwa. Ndani yake kulikuwa na habari ambayo hakuna aliyeitarajia: siku moja kabla, mamlaka ya kodi ya Ubelgiji ilikuwa imeitaka kampuni ilipe yuro milioni 674.

Katikati ya Agosti Grant Thornton akaiarifu kampuni kwamba hatagombea tena, ataondoka mkutano mkuu wa Septemba utakapomalizika. Tazama alivyochagua wakati. Hakuondoka kabla ya kutia saini hesabu. Alizimaliza, akazitolea maoni, kisha akasema kwaheri mahali ambapo muda wake ungekoma kwa vyovyote. Mkaguzi anayeondoka kabla ya kutia saini anasema jambo jingine kabisa, na mwanahisa mwenye jicho hutazama tarehe hizo mbili kabla ya kusoma neno lolote la barua.

Wito wa mkutano ulikuwa na azimio la kumteua tena Grant Thornton, kama kila mwaka. Likaondolewa. Kampuni ikaenda kubisha hodi kwa makampuni manne makubwa ya ukaguzi duniani, na hakuna aliyefungua mlango. Wengine walikuwa tayari wanafanya kazi nyingine za ushauri zinazogongana na ukaguzi. Lakini soko lilielewa pia kwamba kazi yenyewe haikutamanika. Mkutano ulipofanyika tarehe 11 Septemba, wanahisa wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa walifika kwenye ajenda ya mkaguzi na kukuta hakuna jina la kupigia kura.

Sheria ilikuwa imeliona hilo kabla. Kampuni ya umma ikifika mwisho wa kipindi bila mkaguzi, ina wiki moja ya kumjulisha waziri husika, na waziri ana mamlaka ya kuteua mkaguzi yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo njia ambayo Sports Direct ilikuwa ikielekea, na magazeti yakaanza kuuliza kama serikali inaweza kumlazimisha mkaguzi kufanya kazi asiyoitaka. Mwanzoni mwa Oktoba kampuni ikatangaza kwamba imempata RSM, kampuni kubwa lakini isiyo miongoni mwa yale manne.

Jambo ninalolirudia kila ninapokitafakari kisa hiki ni kwamba Mike Ashley alikuwa na kura za kumteua yeyote na kumwondoa yeyote. Kwa kura, wanahisa wengine wote kwa pamoja hawakuwa kitu mbele yake. Kile ambacho hisa zake hazikuweza kununua ni mtu wa kukubali uteuzi. Na waliokataa walikuwa na namna ya kujua wanakataa nini: kanuni za maadili za wahasibu, ambazo pia ICPAK ya Kenya na NBAA ya Tanzania huwataka wanachama wao wazifuate, zinamtaka mkaguzi mpya amwandikie aliyemtangulia na kumuuliza kama kuna sababu ya kitaaluma ya kutoikubali kazi. Yule wa zamani huomba ruhusa ya mteja kabla ya kujibu. Mteja akikataa kutoa ruhusa, hilo lenyewe ni jibu.

Kwa mwenye hisa zake chache, basi, barua ya kuondoka kwa mkaguzi inasomwa kwa namna yake. Ikisema tofauti ilikuwa juu ya ada, uliza ada hiyo ilibadilika lini, kwa sababu makubaliano ya bei hufanyika mwanzo wa kazi na si wiki mbili kabla ya kutia saini. Ikisema wameachana kwa maridhiano, tazama kama hesabu za mwaka zilichelewa. Ikisema hakuna jambo lolote la kuwajulisha wanahisa, lakini mkaguzi amekaa miezi minne tu, mkumbuke yule kaka na chai yake. Kisha tazama aliyechukua nafasi. Kampuni yenye matawi nchi tano ikikaguliwa ghafla na ofisi ya watu sita ghorofani, hapana mwanahisa anayehitaji shahada ya uhasibu kuuliza kulikoni.

Mkutanoni penyewe mkaguzi ana haki ya kuhudhuria na kusikilizwa juu ya jambo lolote linalomhusu, na mara nyingi huwa ameketi safu ya mbele huku hakuna anayemsemesha. Mwanahisa anaweza kumuuliza mwenyekiti, na mwenyekiti akamwelekeza mkaguzi ajibu. Wanaoshindwa kufika hupewa fomu ya uwakilishi, ile tunayoiita proksi, na wengi huitia saini na kuiacha mikononi mwa mwenyekiti. Hapo wamempa mwenyekiti wa wakaguliwa kura zao za kumchagua mkaguzi, ingawa fomu ile ile ina kisanduku cha kukataa kwa kila ajenda.

Yule mzee nilikutana naye tena miaka miwili baadaye, ukumbi ule ule. Safari hii hakuna mwavuli uliogawiwa, na watu walinung'unika. Ajenda ya wakaguzi ilipofika, mwenyekiti akasoma jina tofauti na la miaka iliyopita, kwa kasi ile ile. Mikono miwili ilikuwa tayari hewani. Mzee akasimama kwa kusaidiwa na mjukuu, akaomba kipaza sauti.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "yule wa zamani amekwenda wapi, na alituachia maneno gani?"

Mwenyekiti akamgeukia katibu wa kampuni. Katibu akaanza kupekua jalada.